Insha ina ushahidi tele lakini haimjibu mtu: dalili, chanzo na matengenezo

Nasomesha Kiswahili skuli ya sekondari kusini mwa Pemba, na kila muhula huletewa insha ya hoja ya namna moja. Mwanafunzi ana msimamo wake, na ushahidi anao, tena wa kweli, kautafuta kwa jasho. Kauweka aya baada ya aya kama mtu aanikaye mwani: huu hapa, na huu, na huu tena. Ukimaliza kusoma unajua mengi kuliko ulivyokuwa ukijua, lakini aliyekuwa hakubali bado hakubali, kwa sababu hakuna pahala katika insha nzima alipoambiwa neno.

Maelezo haya ni ya kuitengeneza insha hiyo bila ya kuitupa. Nitaifuata insha moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwani ugonjwa huu hauonekani vizuri kwa maelezo ya juu juu. Aliiandika binti wa kidato cha nne ambaye kwao ni pwani, upande unaotazamana na Kisiwa Panza. Kichwa chake kilikuwa "Mwamba wa kijiji ufungwe kwa miezi mitatu". Maana yake ni kwamba watu wakubaliane wasivue pweza katika mwamba kwa muda huo, ili pweza wakue, kisha wafungue na kuvua. Kiini cha insha kilikuwa na aya tano:

1. Pweza hukua upesi mno, na maisha yake ni ya mwaka mmoja hivi.
2. Pweza jike hutaga mara moja tu, huyalinda mayai yake bila kula, kisha hufa.
3. Wenzetu wa Kisiwa Panza wamewahi kuufunga mwamba wao.
4. Kule Madagaska kijiji cha Andavadoaka kilianza kufunga eneo la pweza mwaka 2004.
5. Pweza mkubwa ana bei nzuri.

Hakuna uongo hata mmoja humo. Nilimpa alama za wastani, na akaja kuniuliza kosa liko wapi.

Kabla ya kuendelea, tuelewane juu ya kazi tatu ambazo wanafunzi huzichanganya. Kuitaja hoja pinzani ni kuisema pamoja na sababu yake, kama mwenyewe angeisema. Kuijibu ni kuitazama usoni: kusema ni kiasi gani ndani yake ni kweli. Kuikanusha ni kuonesha kwamba hata baada ya ukweli huo kukubaliwa, bado haiangushi dai lako. Kazi hizi zina zamu. Ukikanusha kabla ya kujibu, msomaji anaona umemkimbia mpinzani. Ukijibu bila kukanusha, umempa ushindi.

Dalili: aya zinabadilishana nafasi na hakuna kinachoharibika

Hiki ndicho kipimo cha kuanzia, nacho kinataka mkasi tu. Nakili insha upande mmoja wa karatasi, kata kila aya peke yake, zichanganye, umpe mtu ambaye hajaisoma azipange. Zile aya tano nilimpa mwalimu mwenzangu tukiwa ofisini wakati wa mapumziko. Alizipanga ya nne, ya kwanza, ya tano, ya pili, ya tatu, akanirejeshea akisema insha nzuri. Hakuona kwamba amebadilisha kitu, na kwa kweli hakuwa amebadilisha kitu.

Dalili ya pili ya ugonjwa huohuo iko kwenye neno la kwanza la kila aya. Katika insha ile yalikuwa Pia, Vilevile, Aidha, na Zaidi ya hayo. Maneno haya yana kazi moja, kuongeza. Huwezi kuyakuta yakijibu kitu. Insha yenye mabishano ndani yake lazima mahali fulani itahitaji hata hivyo, ijapokuwa, licha ya hayo, au kwa sababu hiyo hiyo.

Chanzo ni kwamba kila aya inazungumza na kichwa cha insha badala ya kuzungumza na aya iliyoitangulia. Na hapa nasema wazi kwamba sehemu kubwa ya lawama ni yetu walimu. Tumewazoesha watoto kuambiwa "toa hoja tano", nao wanahesabu. Akifika tano anaweka kalamu.

Matengenezo hayaanzi kwa kuongeza maneno. Chukua kalamu ya risasi, na pembezoni mwa kila aya andika: inamjibu nani? Usiandike mada, andika mtu na kauli yake. Tulipofanya hivyo aya ya kwanza ilimjibu mtu anayesema kufunga hakuleti kitu, pweza ni walewale. Aya ya tatu na ya nne zote mbili zilimjibu mtu mmoja, yule anayesema jambo hili ni la kwenye karatasi, haliwezi kufanyika kijijini. Aya ya tano haikumjibu mtu, kwani hakuna anayebisha kwamba pweza wa kilo tatu ana bei kuliko wa nusu kilo.

Ya pili ilitukalisha kitako. Binti alidhani aya ya mayai inamsaidia: jike akiachwa atataga, na mwamba wetu utajaa. Lakini vitoto vya pweza vikianguliwa huelea na kuchukuliwa na maji kwa muda kabla ya kutua chini. Mpinzani mwenye kuijua bahari atakwambia: "Basi mimi nifunge, watoto wa pweza wakatue kwa jirani?" Kumbe aya ile ilikuwa inampa mpinzani silaha. Ushahidi wa kweli unaweza kuwa upande usiokuwa wako, na huwezi kuliona hilo mpaka umweke mtu mbele yake.

Sasa geuza karatasi, uandike upande wa pili wale watu ambao hakuna aya hata moja iliyowajibu. Kwake walibaki wawili. Wa kwanza anasema: tutakula nini hiyo miezi mitatu? Wa pili anasema: tukifungua watakuja wengine kuvua tulichokingojea sisi. Nilimuuliza: "Kijijini kwenu, watu wanabishania nini khasa?" Akacheka. "Hayo mawili, maalimu." Ushahidi wote ulikuwa umerundikwa pahala ambapo hapana ugomvi, na penye ugomvi palikuwa patupu.

Dalili: mpinzani yumo, lakini hana sababu

Mwanafunzi akishaambiwa aweke hoja pinzani, huweka hivi: "Wapo wanaopinga kufungwa kwa mwamba, lakini hao hawajaelewa faida zake." Hapo hapana hoja. Pana watu waliotajwa kwa kutoelewa kwao tu. Ni sawa na kushindana mieleka na nguo iliyotundikwa kambani.

Kipimo ni neno moja: kwa sababu. Baada ya "wanasema" lazima lije dai lao, na baada ya dai lije "kwa sababu", na baada yake kitu ambacho mtu mwenye akili timamu anaweza kukiamini. Ikiwa huwezi kuimalizia sentensi hiyo, hujaijua hoja pinzani, na hakuna namna ya kuijua ukiwa umekaa darasani. Nenda kaulize.

Yeye alimuuliza bibi yake mzaa mama, ambaye huenda mwambani na kijiti chake cha kuchokolea tangu kabla mama mtu hajazaliwa. Alirudi na maneno haya, ameyaandika nyuma ya daftari: "Mjukuu wangu, pweza wa leo ndio unga wa leo. Mimi sina benki. Hao wanaosema tungoje, wao wanangojea nini nyumbani kwao?" Kisha bibi akaongeza jambo ambalo mjukuu hakuliuliza: kwamba mwambani haendi kila siku, huenda bamvua likiwa zuri, maji yanapokupwa mbali na mwamba kuonekana, siku nne au tano, kisha maji yakiwa mafu anakaa na kusuka ukili.

Kutokana na maneno hayo sentensi ikapatikana: "Wanaopinga wanasema mwamba usifungwe kwa sababu wanawake wanaoishi kwa pweza hawana akiba, kwa hiyo miezi mitatu bila mwamba ni miezi mitatu bila unga." Umeitaja vizuri hoja pinzani siku ambayo mwenyewe akisomewa atasema, ndivyo nisemavyo. Bibi alisomewa. Alisema, "Ndivyo, lakini umeisahau sukari."

Dalili: jibu ni la kweli lakini linapita pembeni

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo insha nyingi zinapovunjika hata baada ya kupata mpinzani mzuri. Rasimu ya pili ya binti ilikuwa hivi:

"Wanaopinga wanasema miezi mitatu bila mwamba ni miezi mitatu bila unga. Lakini pweza hukua upesi sana, na kijiji cha Andavadoaka huko Madagaska kilianza kufunga eneo lake mwaka 2004, na Kisiwa Panza pia wamefanya hivyo."

Isome tena polepole. Bibi amezungumzia unga. Mjukuu amejibu ukuaji wa pweza. Bibi hakubisha kwamba pweza hukua. Anajua kuliko sote. Anachouliza ni atakula nini wakati pweza anakua. Ushahidi wote wa aya hii ungekuwepo, na pweza angekua ukubwa wa pakacha, swali lake lingebaki palepale.

Chanzo chake ni kwamba mwanafunzi ana ushahidi mkononi na anataka kuutumia. Mpinzani amekuwa kama mlango wa kupitishia mzigo uliokwisha fungwa. Kujua kama insha yako ina tatizo hili, pigia mstari jina kuu katika hoja pinzani, kisha litafute katika jibu. Jina kuu hapo ni unga, au chakula. Katika jibu halimo. Likikosekana, wala kisawe chake hakimo, mara nyingi jibu limepita pembeni. Wazee wanaojibizana kwa mashairi wanalijua hili: anayejibu huchukua neno la mwenzake, akaanza nalo ubeti wake, ndipo akaligeuza. Asiyechukua neno la mwenzake huambiwa hakujibu.

Kutengeneza, kwanza weka kando ushahidi wote ulionao na uulize: hoja hii inaweza kuangushwa kwa njia gani? Mimi huwafundisha njia tatu. Ya kwanza, jambo lenyewe halipo kama linavyosemwa, au lipo kwa kipimo kingine. Ya pili, jambo lipo, lakini halifikishi pale linapodaiwa kufikisha. Ya tatu, jambo lipo na linafikisha, ila kuna jambo jengine zito kulizidi. Wanafunzi hukimbilia ya tatu kwa sababu inaonekana nyepesi, ukisema "faida ni nyingi kuliko hasara" umemaliza. Kumbe ndiyo ngumu kuliko zote, maana inataka upime vitu viwili kwa mizani moja, na bei ya pweza wa mwezi wa nne haipimiki na njaa ya mtoto wa mwezi wa pili. Jaribu ya kwanza na ya pili mwanzo.

Kwa bibi, njia ya kwanza ilikuwa imelala ndani ya maneno yake mwenyewe. Amesema huenda mwambani siku nne au tano kila bamvua. Bamvua huja mara mbili kila mwezi wa kuandama, mwezi ukiwa mchanga na ukiwa mpevu. Miezi mitatu ina bamvua 6. Kwa hiyo siku anazozikosa ni kati ya 24 na 30, wala si 90. Huu ni ushahidi mpya, haukuwemo katika zile aya tano, na haukuhitaji kitabu. Njia ya pili nayo ilikuwepo: kinachofungwa si pwani yote, ni kipande cha mwamba, na kilichobaki kiko wazi bamvua hilohilo.

Aya ikawa hivi:

"Wanaopinga wanasema mwamba usifungwe kwa sababu wanawake wanaoishi kwa pweza hawana akiba, kwa hiyo miezi mitatu bila mwamba ni miezi mitatu bila unga. Ni kweli kwamba katika nyumba nyingi za pwani pweza wa leo ndiye unga wa leo, na mavuno yajayo hayamlishi mtoto mwenye njaa sasa. Hata hivyo, mwamba hauendeki kila siku. Mwanamke mmoja mzoefu wa kijiji ameeleza kwamba huenda siku nne au tano kila bamvua, na miezi mitatu ina bamvua 6. Siku za unga zinazopotea basi ni 30 kwa wingi wake, si 90. Tena siku hizo hazipotei zote, kwa kuwa kinachofungwa ni kipande kimoja, na mwenye kutafuta unga wake anaweza kwenda kipande kilichobaki."

Tazama zamu zake. Sentensi ya kwanza inataja. Ya pili inajibu, na inajibu kwa kukubali bila ya kubana maneno. Kuanzia "hata hivyo" inakanusha, kwanza kwa kipimo, kisha kwa kuonesha kwamba hata hicho kilichobaki hakifikishi kwenye njaa. Neno unga limo tangu mwanzo hadi mwisho. Na shahidi ametajwa kama alivyo, mwanamke mmoja mzoefu, bila ya kumgeuza kuwa "wanawake wote".

Mwanafunzi mwengine aliyekuwa akisikiliza aliuliza: "Na hicho kipande kilichobaki, si kitajaa watu?" Swali zuri sana. Kila ukanushaji unazaa pingamizi lake dogo, na huwezi kuyajibu yote. Kanuni yangu ni hii: ikiwa pingamizi hilo litamjia msomaji palepale, lijibu kwa sentensi moja. Ikiwa linataka aya nzima, huenda dai lako ndilo lenye kasoro, na hilo nitalifikia.

Dalili: msomaji hajui anayesema ni nani

Hili ni tatizo letu sisi waandishi wa Kiswahili zaidi kuliko wengine, na sioni likitajwa mara nyingi. Kiambishi wa- hakibagui. Soma sentensi hii: "Wanasema watakosa chakula, lakini wanajua kwamba wakifunga watapata zaidi." Nani anajua? Wapinzani, wavuvi, au wanaounga mkono? Katika insha inayoorodhesha ushahidi tu hapana shida, kuna sauti moja. Ukiingiza sauti ya pili, viambishi vyote vinagongana.

Dawa yake ni kugawa. Upande mmoja utaje kwa umoja na mwengine kwa wingi: "mpinzani anasema", "wavuvi wanapata". Au rudia jina badala ya kutegemea kiambishi, hata ukihisi unarudia mno. Msomaji hachoki kwa jina lililorudiwa, huchoka akipotea.

Angalia pia kitenzi unachompa mpinzani. "Wanadai" humtia shaka kabla hajasema. "Eti" humdhihaki kabisa, na ukishamdhihaki huwezi tena kumjibu kwa heshima katika sentensi inayofuata. "Inasemekana" inamficha. Kwa hoja unayokusudia kuikubali kwa sehemu, tumia "wanasema" au "wanahofia". Bibi anahofia, na hofu yake ina msingi.

Na jambo moja dogo lenye uzito: kinachokuja baada ya "lakini" ndicho kinachobaki kichwani. "Pweza watakua, lakini ni kweli watu watapata tabu" inamalizikia kwa mpinzani. "Ni kweli watu watapata tabu, lakini pweza watakua" inamalizikia kwako. Habari ni zilezile. Nimewahi kusahihisha insha ambayo mwandishi alishinda kila hoja kisha akashindwa kila sentensi, kwa sababu "ni kweli" yake yote ilikuwa nyuma.

Dalili: hoja pinzani zote zimerundikwa mwishoni

Hii ni rahisi kuiona. Aya nne za ushahidi, kisha aya moja kabla ya hitimisho inayoanza na "Hata hivyo, wapo wanaopinga". Chanzo ni kuziona hoja pinzani kama nyongeza. Kutengeneza ni kuziacha zenyewe ziwe uti wa mgongo wa insha, na ushahidi ukae chini ya ile unayoijibu.

Zipangwe vipi? Wengi husema anza na dhaifu umalizie na nzito. Mimi naona kuna njia bora, nayo ni kupanga kwa kutegemeana. Jiulize: ipi isipojibiwa, nyengine hazina haja ya kujibiwa? Ikiwa kufunga hakufanyi kazi, basi hapana haja ya kuzungumza juu ya njaa. Ikiwa kunaleta njaa isiyobebeka, hapana haja ya kugombania nani atavua siku ya kufungua. Kwa hiyo insha ya binti ilianza na "hakuleti kitu, pweza watahama au wataibiwa", ikafuatiwa na unga, ikamalizikia na siku ya kufungua.

Aya ya kwanza hiyo ilipata ushahidi uliokuwa umetawanyika: pweza hukua upesi, hukaa shimoni mwake na kuwinda karibu karibu, hasafiri kama samaki wa makundi. Kisiwa Panza na Andavadoaka waliingia hapo kwa sentensi moja moja, kama dalili kwamba jambo linafanyika na watu wa kawaida. Lakini kwa wizi ushahidi wa ukuaji hausaidii kitu, na nilimwambia asijaribu kuutumia. Ulinzi unatakiwa, kamati ya wavuvi ya shehia iukubali, na aseme hivyo.

Ukishapanga hivi rudia kipimo cha mkasi. Mwalimu yule yule alipopewa vipande vipya alivirudisha kama vilivyoandikwa, kwa sababu aya ya pili ilianza na "Hata kama pweza watakua na kulindwa, liko suala la unga", na sentensi hiyo haikai pahala pengine popote.

Dalili: umekubali mengi lakini dai halijasogea

Hoja ya tatu ndiyo iliyomtesa. Wanaopinga wanasema siku ya kufungua watakuja wazamiaji wenye miwani na mitumbwi, na wageni wa dago wanaohama na kupiga kambi kuvua, wafike kwenye maji yenye kina ambayo mwanamke anayetembea kwa miguu hayafiki, wachukue pweza ambao yeye ndiye aliyefunga mkanda miezi mitatu kwa ajili yao. Binti alikaa na hoja hii siku tatu. Alijaribu njia ya kwanza: huenda hawatakuja wengi. Hakuwa na ushahidi, na kila mtu anajua habari ya mwamba kufunguliwa inavyosafiri. Alijaribu ya pili: hata wakija, pweza watatosha wote. Hilo nalo hakuweza kulithibitisha. Ya tatu, kwamba faida ya kijiji ni kubwa kuliko haki ya wanawake hao, aliiandika kisha akaikata mwenyewe kwa kalamu. "Siwezi kumsomea bibi," alisema.

Kuna hoja pinzani ambazo hazikanushiki, na mwandishi akilazimisha huonekana. Dalili yake ni aya yenye "ni kweli" ndefu ya kukubali, halafu "lakini" fupi isiyo na kitu nyuma yake, na hitimisho linalorudia dai la utangulizi neno kwa neno kama kwamba hapakupita mazungumzo yoyote. Chanzo ni kudhani kwamba dai ni kitu cha kulindwa kisiguswe.

Hapa kinachotengenezwa ni dai lenyewe. Chukua ulichokikubali katika kila aya, ukiingize katika dai kama sharti. Alikubali kwamba unga ni wa leo, kwa hiyo kifungwe kipande tu. Alikubali kwamba bila ulinzi kufunga ni bure. Alikubali hoja ya siku ya kufungua, kwa hiyo akaweka pendekezo: bamvua la kwanza baada ya kufungua liwe la wanaotembea kwa miguu peke yao, wazamiaji waingie baadaye. Pendekezo hilo pia lilijibu lile swali la msongamano, kwa kuwa waliosongamana kipande kilichobaki ndio wanaotangulia kuvuna.

Kisha alirudi kwenye utangulizi, akaufuta, akaandika dai jipya: "Kipande kimoja cha mwamba wetu kifungwe kwa miezi mitatu chini ya ulinzi wa kamati ya wavuvi, na bamvua la kwanza baada ya kufunguliwa liachiwe wanaovua kwa miguu." Ni refu kuliko lile la mwanzo, na kila kipande chake kimepatikana kwa mtu aliyepinga.

Utangulizi wa insha hii huandikwa mwisho, kwa sababu hiyo. Na hesabu ya maneno: insha ilianza na aya tano za kiini, ikabaki na tatu ndefu. Aya ya bei iliondoka yote. Ya mayai ya pweza iliondoka nayo, ingawa binti aliipenda sana na aliniomba mara mbili aibakishe.